Kukata klipu fupi kutoka mhadhara mrefu: njia tatu, na mahali kila moja inapopoteza maana

Mtu akikukabidhi video ya mhadhara wa karibu saa nzima na kukuomba klipu tano au sita za chini ya dakika moja na nusu, akili mnemba inaweza kukusaidia kwa njia tatu. Ya kwanza ni kupakia video yote kwenye huduma kama OpusClip na kusubiri klipu zilizokwisha kukatwa. Ya pili ni kugeuza sauti kuwa maandishi kwa Whisper, kuipa modeli ya lugha maandishi hayo ikupendekezee sehemu, kisha kukata mwenyewe. Ya tatu ni kufungua video kwenye programu ya kuhariri kwa kufuata maandishi, mfano Descript au Premiere Pro, ukasoma na kuchagua mwenyewe, huku akili mnemba ikibaki na kazi ya kunukuu maneno na kumfuata msemaji ndani ya fremu ya wima.

Njia hizi kwa kawaida hulinganishwa kwa kasi, bei na uzuri wa manukuu. Hapa nazilinganisha kwa jambo moja tu: klipu ikimfikia mtu ambaye hakusikia mhadhara, ataelewa kile alichokisema msemaji, au ataelewa kingine? Swali hili ndilo linalozitenganisha kweli, kwa sababu hazikosei mahali pamoja. Kila moja ina kitu isichokiona au isichokisikia, na ukikijua ndipo unapojua ukague nini.

Chukua mhadhara wa daktari kuhusu shinikizo la damu. Una dakika 58: mada inaenda hadi dakika ya 45, zilizobaki ni maswali ya wasikilizaji. Ndani yake kuna sehemu nne za kuangaliwa: ya kwanza ni sharti la mhadhara wote, na tatu zinazofuata zinavutia kukatwa, na zote tatu ni za hatari.

Dakika ya 3, kabla hajaingia kwenye mada, daktari anasema: "Yote nitakayoyasema leo yanamhusu mtu mzima ambaye si mjamzito. Mjamzito mwenye presha ana utaratibu wake." Hairudii tena sentensi hiyo mpaka mwisho.

Dakika ya 9 anaigiza mgonjwa. Anabadilisha sauti, anaweka mkono kiunoni: "Mimi kichwa hakiniumi, sisikii chochote, sasa dawa za nini? Nimeziacha na niko salama salimini!" Watu wanacheka. Ananyamaza kidogo, halafu anarudi kwenye sauti yake: "Hivyo ndivyo ninavyoambiwa. Na hapo ndipo penye hatari, kwa sababu presha inaweza kupanda miaka na mtu asisikie chochote."

Dakika ya 23 anazungumzia dawa za kutuliza maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki. Anaeleza kwamba zinaweza kupandisha presha, kisha anasema: "Hizi, ukizizoea kila siku, zinaumiza figo."

Dakika ya 51 anajibu swali: "Ndiyo, inawezekana kabisa kupunguza dawa. Wapo niliowapunguzia na wanaendelea vizuri." Aliyeuliza hakuwa na kipaza sauti.

Njia ya kitufe kimoja

Huduma hizi hunukuu video, hutafuta sehemu zenye mwanzo wenye nguvu na mwisho unaotulia, huzikata, huzigeuza kuwa za wima, huchoma manukuu juu ya picha na kuzipa kichwa. OpusClip huambatisha pia alama inayokadiria uwezekano wa klipu kusambaa. Alama hiyo ni msaada ukitaka kujua nini kitamzuia mtu asipitishe kidole. Haikuambii kama klipu inalingana na mhadhara, na kuna sababu ya kuogopa kwamba vitu hivi viwili vinavutana: sentensi inayoshtua mara nyingi inashtua kwa sababu sharti lake limebaki nje.

Dakika ya 9 inaonyesha hilo waziwazi. Mwanzo wenye nguvu ni "Mimi kichwa hakiniumi". Mwisho unaotulia ni kicheko. Kata hapo na una sekunde ishirini na kitu za daktari, mwenye koti jeupe, akisema ameacha dawa na yuko salama salimini. Hakuna neno lililobadilishwa. Kila herufi ni yake, na maana ni kinyume cha alichokikusudia.

Kitu kinachozidisha tatizo ni kuondoa ukimya. Huduma nyingi hukaza mazungumzo kwa kutoa pumzi na vituo. Kwenye mhadhara, kituo hufanya kazi ya alama za kunukuu: kimya kile kidogo baada ya kicheko ndicho kinachomwambia msikilizaji kwamba mgonjwa ameondoka na daktari amerudi. Hata klipu ikiendelea hadi kwenye "Hivyo ndivyo ninavyoambiwa", bila kile kimya sauti mbili zinagandana na kuwa moja. Kama huduma yako ina kitufe cha kuzima ukazaji huo, kizime kwa mihadhara.

Baadhi ya huduma pia huunganisha sentensi kutoka sehemu mbili zisizopakana ili kupata hadithi fupi zaidi. Hili linaweza kupita bila kuonekana, hasa manukuu yakiwa makubwa na ya rangi. Njia rahisi ya kulinasa ni hesabu: tafuta sentensi ya kwanza na ya mwisho ya klipu ndani ya video asilia. Kama ya kwanza iko dakika 23 na sekunde 10, ya mwisho iko dakika 25 na sekunde 40, na klipu ina sekunde 48, basi kuna zaidi ya dakika moja na nusu iliyotolewa katikati. Huenda ni porojo zilizotolewa, huenda ni "isipokuwa". Nenda ukasikilize kilichotoka.

Halafu kuna kichwa. Nakisisitiza kwa sababu watu hukagua video wakasahau maandishi yaliyo juu yake. Irudie dakika ya 23: "Hizi, ukizizoea kila siku, zinaumiza figo." Ndani ya mhadhara hakuna utata, dawa za maumivu zimetajwa sekunde chache nyuma. Lakini Kiswahili kinaweza kubeba nomino nzima ndani ya silabi moja, na hapa "zi-" inakubali dawa yoyote ile. Mhadhara ni wa presha, klipu imekatwa baada ya jina la dawa kutajwa, na kichwa kinachotungwa na mashine kinakuwa "Dawa za presha zinaumiza figo". Mtu mwenye presha akisoma hivyo ana kila sababu ya kutupa vidonge vyake. Hapo kosa limefanyika mara mbili: mpaka umekatwa pabaya, na kichwa kimejaza pengo kwa kubahatisha.

Manukuu yaliyochomwa nayo yana hatari yake. "Usiache dawa" na "uache dawa" vinatofautiana kwa silabi moja tu, tena silabi inayotamkwa haraka. "Hatutapunguza" na "tutapunguza" vivyo hivyo. Anayeangalia simu bila sauti hana namna ya kujua. Kabla ya yote, hakikisha Kiswahili kimo kwenye orodha ya lugha za huduma unayoitaka. Kama hakimo, achana nayo, kwa kuwa kila hatua inayofuata inajengwa juu ya unukuzi huo.

Je, njia hii haifai kabisa? Inafaa pale mhadhara wenyewe umejengwa kwa vipande vinavyojitegemea: vidokezo kumi, maswali mafupi ambayo mwulizaji anasikika, maelekezo ya hatua kwa hatua. Pale msemaji anajenga hoja polepole, anaigiza wapinzani wake, au anaweka sharti mapema na kulitegemea hadi mwisho, ichukue kama mtafutaji wa sehemu tu, usiifanye mkataji.

Njia ya maandishi kwanza

Hapa hatua zinatengana, na kutengana huko ndiko faida yake. Whisper ni programu ya wazi iliyotolewa na OpenAI mwaka 2022. Unaweza kuiendesha kwenye kompyuta yako mwenyewe, ambalo ni jambo la maana sana rekodi ikiwa na sauti za watu wanaouliza kuhusu magonjwa yao.

```
whisper mhadhara.mp4 --model large-v3 --language sw --output_format srt
```

Usiache kuandika `--language sw`. Bila hiyo Whisper huikisia lugha kwa kusikiliza sekunde 30 za mwanzo, na mhadhara ukianza kwa muziki au kwa utambulisho wa lugha nyingine, unaweza kupata saa nzima ya maandishi yasiyoeleweka. Whisper pia ina tabia mbili za kuziangalia: penye ukimya mrefu inaweza kuandika maneno ambayo hayakusemwa, na wakati mwingine hukwama na kurudia sentensi ileile mstari baada ya mstari. Ukiona marudio hayo, jaribu tena ukiongeza `--condition_on_previous_text False`.

Faili la `srt`, yaani maandishi yenye muda wa kila mstari, likiwa tayari, pitia kwanza maneno yanayobeba uzito: majina ya dawa, tarakimu, na vikanushi. Hiyo haimaanishi kusoma kila mstari. Tafuta "si", "usi", "ha" na namba kwa kitufe cha kutafuta, kisha usikilize pale tu penye shaka. Ndipo unaipa modeli ya lugha maandishi yote kwa pamoja. Usiyagawe vipande vya dakika kumi kumi ili kurahisisha. Ukifanya hivyo, sehemu ya dakika ya 40 itachaguliwa na modeli ambayo haijaona sentensi ya dakika ya 3 kuhusu wajawazito.

Maelekezo ndiyo yanayoamua kama utapata mapendekezo ya kuvutia au ya kuaminika. Ninayoyatumia mimi yanakwenda hivi:

"Pendekeza sehemu nane za sekunde 40 hadi 90 zinazoweza kueleweka na mtu ambaye hajasikia mhadhara. Kwa kila sehemu, nakili neno kwa neno sentensi ya kwanza na ya mwisho. Eleza kama maneno hayo ni msimamo wa msemaji au anamnukuu mtu mwingine, na utaje sentensi inayothibitisha. Taja kila 'hii', 'hizo', 'huyo' na kila kiambishi katika sentensi mbili za kwanza ambacho kinarejelea kitu kilichotajwa kabla ya sehemu kuanza. Mwisho, tafuta katika mhadhara wote sharti au kizuizi chochote kinachogusa sehemu hiyo."

Kuomba sentensi neno kwa neno kuna kazi mahususi. Modeli zinaweza kutoa muda usio sahihi, au kuiboresha sentensi ya msemaji kidogo kidogo mpaka si yake. Ukiwa na sentensi kamili unaitafuta ndani ya faili la `srt`. Ikipatikana, unachukua muda kutoka pale. Isipopatikana, pendekezo hilo halina msingi na unalifuta bila majadiliano.

Kwenye mfano wetu njia hii inafanya vizuri mahali pawili. Dakika ya 9, modeli inasoma "Hivyo ndivyo ninavyoambiwa" mistari miwili chini na inaweza kutambua kwamba maneno ya juu ni ya mgonjwa. Dakika ya 23, ukiiuliza kuhusu viambishi, itakurudisha kwenye dawa za maumivu, na unasogeza mwanzo wa klipu nyuma hadi pale zinapotajwa. Na kwa sababu imepewa mhadhara wote, inaweza kukutolea sentensi ya wajawazito na kuiweka kando ya kila sehemu inayozungumzia dawa. Hili la mwisho ndilo ninaloliona kuwa hoja kubwa kuliko zote za kuichagua. Sharti lililosemwa mara moja, nusu saa kabla, ndilo jicho la mtu aliyechoka hulikosa kwa urahisi.

Lakini modeli hii haisikii. Imesoma tu. Kejeli, sauti iliyoigizwa, kicheko, mkono unaoelekeza ubaoni, vyote havimo kwenye maandishi. Dakika ya 51 ndipo upofu huu unapouma. Swali la msikilizaji asiye na kipaza sauti limerekodiwa kwa mbali, na Whisper ama imeliruka au imeandika maneno mawili yasiyo na maana. Kwenye maandishi, daktari anaanza tu: "Ndiyo, inawezekana kabisa kupunguza dawa." Inasomeka kama tamko la jumla, tena zuri, fupi, la matumaini. Modeli italipenda. Ukiongeza sauti na kusikiliza sekunde ishirini za kabla yake, unamsikia mtu akisema kwamba amepunguza uzito, anafanya mazoezi, daktari wake amempima mara kadhaa na presha imeshuka, je, dawa zinaweza kupunguzwa? Jibu lilikuwa la mtu huyo.

Kwa hiyo kila pendekezo litokalo kwenye maandishi lazima lisikilizwe kwa masikio, kuanzia dakika moja kabla ya mwanzo hadi dakika moja baada ya mwisho. Kwa klipu sita hiyo ni kama dakika ishirini za kusikiliza. Ndiyo gharama halisi ya njia hii, na haipungui kwa kununua programu nzuri zaidi.

Kukata kwenyewe ni mstari mmoja wa ffmpeg, programu ya kukata video kwa amri:

```
ffmpeg -ss 00:09:12 -to 00:10:24 -i mhadhara.mp4 -c:v libx264 -c:a aac klipu1.mp4
```

Watu hupenda kuweka `-c copy`, inayonakili video bila kuichakata upya, kwa sababu inamaliza kazi papo hapo. Kwa klipu fupi iepuke: haiwezi kuanza picha popote pale, inafuata fremu kuu zilizomo kwenye video, na mwanzo wako unahama. Sekunde moja ikihama, "usi" inaweza kubaki upande usiofaa wa kisu.

Njia ya mhariri

Njia ya tatu inamrudishia mtu uamuzi wote. Unasoma maandishi kwenye skrini, unachagua sentensi kwa kipanya, na video inakatwa kwa kufuata maandishi. Kwa mhadhara wa dakika 58 una maneno elfu kadhaa mbele yako, yaani nusu saa au zaidi ya kusoma kwa makini kabla hujakata chochote. Kama programu uliyonayo hainukuu Kiswahili, nukuu kwa Whisper, chapisha maandishi, uweke alama kwa kalamu huku video ikicheza. Ni kazi ya mikono, lakini masikio na macho yako yamo ndani yake muda wote: unamwona daktari akiweka mkono kiunoni, unalisikia swali la mbali, unaona kwamba anaposema "kama mnavyoona hapa" anaonyesha chati.

Hilo la chati linahitaji neno lake. Video pana ikigeuzwa kuwa ya wima kwa kumfuata msemaji, slaidi hukatwa nje ya fremu. "Namba hii ya juu ikizidi 140" inakuwa namba ya juu ya kitu gani? Njia zote tatu zina tatizo hili, ila ya kwanza hulifanya bila kukuuliza, na ya pili hulijui mpaka ufungue video. Hapa kwenye ya tatu unaliona papo hapo, na unaweza kuigawa fremu mbili, slaidi juu na msemaji chini.

Ungedhani basi njia hii haina upofu. Inao, na ni wa aina ya pekee: mhariri anajua mno. Amesikia mhadhara wote, sharti la wajawazito limo kichwani mwake, dawa za maumivu zimo kichwani mwake. Akitazama klipu ya "Hizi, ukizizoea kila siku, zinaumiza figo", yeye anaisikia ikiwa kamili, kwa sababu pengo analijaza mwenyewe bila kujua. Kadiri alivyoufanyia mhadhara kazi kwa muda mrefu ndivyo anavyokuwa shahidi mbaya wa klipu. Kutazama tena na tena hakumsaidii.

Dawa yake ni mtazamaji ambaye hajasikia mhadhara. Mpe klipu peke yake, pamoja na kichwa chake, aitazame mara moja kama watu wanavyotazama, halafu aandike sentensi moja: msemaji anasema nifanye nini? Usimuulize kama ameelewa, atasema ndiyo. Sentensi yake unailinganisha na mhadhara. Akiandika "anasema dawa za presha zina madhara kwa figo", umepata jibu, na si yeye aliyekosea.

Ukikosa mtu, unaweza kumweka badala yake modeli ya lugha kwenye mazungumzo mapya kabisa, ukaipa maneno ya klipu na kichwa tu na kuomba sentensi hiyohiyo. Inanasa viambishi visivyo na mwenyewe na masharti yaliyokosekana. Haitanasa sauti iliyoigizwa wala chati iliyokatwa, kwa hiyo inapunguza kazi ya mtazamaji, haimwondoi. Na usitumie mazungumzo yaleyale yaliyokupendekezea sehemu, maana huko mhadhara wote bado upo mbele yake na pengo linajazwa vilevile linavyojazwa na mhariri.

Ziwekwe kando kwa kando

| | Kitufe kimoja | Maandishi kwanza | Mhariri |
|---|---|---|---|
| Anayeamua mpaka | Huduma | Modeli inapendekeza, wewe unakata | Wewe |
| Kinachopotea kwanza | Sharti, kituo, kichwa sahihi | Sauti, swali la mbali, slaidi | Hisia ya mtu asiyejua chochote |
| Ukaguzi usioepukika | Kulinganisha na video asilia, mwanzo hadi mwisho | Kusikiliza dakika moja kabla na baada | Mtazamaji mgeni |

Kuna jambo ambalo jedwali halionyeshi. Ukiamua kuikagua njia ya kwanza inavyostahili, faida yake ya kasi inapungua sana. Imekuletea klipu kumi na tano, na kila moja inadai utafutwe mpaka wake, uhakikiwe unukuzi wake, urekebishwe kichwa chake. Kurekebisha mpaka uliowekwa na mwingine mara nyingi ni kazi ndefu kuliko kuuweka mwenyewe. Ndiyo maana kwa mhadhara unaogusa afya, sheria au fedha za watu, chaguo langu ni njia ya pili, nikiongeza mtazamaji mgeni wa njia ya tatu. Njia ya tatu peke yake naichagua pale klipu ni mbili au tatu tu, au pale msemaji anategemea sana slaidi na maigizo kiasi kwamba maandishi hayasemi nusu ya kilichotokea. Ya kwanza naiachia maudhui ya vidokezo, ambapo kosa likitokea halimdhuru mtu.

Turudi kwenye zile sehemu nne, tuone zinatokaje zikipita kwenye njia hiyo ya mchanganyiko.

Ya dakika ya 9 inaokolewa kwa mpaka. Klipu inaanza sekunde chache kabla ya maigizo, pale daktari anaposema "Mgonjwa anakuja ananiambia", na inaishia baada ya "mtu asisikie chochote". Inakuwa ndefu zaidi na mwanzo wake ni mpole. Kubali. Njia ya kuurudisha mvuto ni kuweka jibu kwenye kichwa, "Kwa nini usiache dawa ya presha hata ukijisikia vizuri", ili hata atakayeondoka katikati ya maigizo aondoke na ujumbe ulio sahihi.

Ya dakika ya 23 inaokolewa kwa kurudi nyuma hadi dawa zinapotajwa kwa jina. Kama kurudi huko kunaleta maelezo marefu mno, weka mstari wa maandishi juu ya fremu, ubaki pale klipu yote: "Anazungumzia dawa za maumivu, si dawa za presha." Mstari unaoonekana kwa sekunde mbili za mwanzo hautoshi, kwa sababu klipu hukatwa tena na wengine, na picha ya skrini huchukuliwa popote.

Ya dakika ya 51 haiokolewi kwa mpaka, maana swali halisikiki. Unaweza kuliandika swali kwa ukamilifu mwanzoni, likiwa na masharti yake yote matatu: uzito umepungua, mazoezi yanafanyika, daktari amepima mara kadhaa. Au umwombe daktari arekodi sekunde kumi akilirudia swali kwa sauti yake, na hilo ni bora zaidi. Asipopatikana, na maandishi yakiwa marefu kiasi cha kutosomeka, klipu hiyo inaachwa, hata kama ndiyo iliyopendwa na kila chombo.

Sharti la dakika ya 3 ndilo gumu, kwa sababu si klipu, ni mfuniko wa klipu zote. Halina mvuto na hakuna chombo kitakacholipendekeza. Linaingia kama mstari mdogo wa kudumu chini ya kila klipu inayotaja dawa, "Haya yanamhusu mtu mzima asiye mjamzito", na linarudiwa kwenye maelezo pamoja na kiungo cha mhadhara mzima kinachofunguka mahali penyewe. Kwenye YouTube unaongeza muda mwishoni mwa kiungo, mfano `&t=552s` kwa dakika ya 9 na sekunde 12, na mtu akibonyeza anaangukia pale klipu ilipotolewa.

Mwisho kabisa, mpelekee msemaji klipu pamoja na vichwa vyake kabla hazijatoka. Usimtumie faili la video peke yake, maana naye anaujua mhadhara kuliko mtu yeyote na atajaza mapengo yote. Mtumie pia ile sentensi moja iliyoandikwa na mtazamaji mgeni kwa kila klipu, na umuulize: hivi ndivyo ulivyosema?